“Me and him went”, “between you and I”: kusaka kosa la kiwakilishi katika sentensi fupi za Kiingereza

Mtu anayekijua Kiingereza kiasi cha kuandika barua ya kazi haandiki “me went” wala “him is late”. Sikio linamkatalia mapema. Lakini mtu huyohuyo ataandika “me and him went” bila wasiwasi, na akishakosolewa mara mbili tatu ataandika “between you and I” huku ana uhakika kabisa kwamba sasa amepatia. Kilichomponza mara zote mbili ni neno dogo “and”. Kiwakilishi kikikaa peke yake hakuna anayekosea. Kikiunganishwa na mwenzake, au na nomino, masikio yanaziba. Kwa hiyo mwongozo huu unashughulika hasa na jozi hizo.

Tuanze na maumbo yenyewe. Nomino ya Kiingereza haibadiliki ikiwa kiima au yambwa: “the boy” ni “the boy” hata akipiga, hata akipigwa. Viwakilishi vichache ndivyo vilivyobaki na sura mbili:

```
I     he    she   we    they   who
me    him   her   us    them   whom
```

Safu ya juu nitaiita safu ya “I”. Hiyo ni ya kiwakilishi ambacho ni kiima cha kitenzi chenye wakati, yaani kitenzi kinachoonyesha jana au leo, kama “went”, “is”, “could”. Safu ya chini nitaiita safu ya “me”. Hiyo hukaa baada ya kitenzi kama yambwa, na baada ya vihusishi kama “to”, “with” na “between”. Maneno “you” na “it” hayana sura ya pili. Zamani “you” lilikuwa la safu ya “me” tu, na “ye” ndilo lililokuwa kiima, kisha “you” likalimeza “ye” na kushika kazi zote mbili. Hilo litatusumbua mbele kidogo.

Kiswahili hakitupi msaada hapa. Tunasema “mimi na yeye tulikwenda” na tunasema “walituita mimi na yeye”: mimi ni yuleyule, yeye ni yuleyule. Kitenzi ndicho kinachobeba mzigo, kwa “tu” ya mwanzo katika “tulikwenda” na “tu” ya katikati katika “walituita”. Kitenzi cha Kiingereza hakina nafasi hizo, kwa hiyo uamuzi tuliozoea kuufanya ndani ya kitenzi inabidi tuufanye kwenye kiwakilishi chenyewe. Mzoefu wa Kiswahili anayechagua umbo moja na kulitumia kila mahali hajazembea, amefuata tu desturi ya lugha yake.

Dalili ya kwanza: “Me and him went to the office.”

Hapa safu ya “me” imekalia kiti cha kiima. Kipimo chake ni rahisi: funika mmoja kwa kidole, soma aliyebaki. “Me went to the office.” Halafu funika huyo, soma mwenzake: “Him went to the office.” Zote mbili zinakataa, kwa hiyo wote wawili wanabadilika: “He and I went to the office.” Usimpime mmoja ukamwacha mwingine. Wengi hurekebisha “me” peke yake na kutoka na “him and I went”, nalo ni kosa lenye dalili yake ambayo nitaifikia.

Mpangilio ni jambo jingine. “I and he went” haina dosari ya umbo, ila msemaji wa Kiingereza amezoea kujitaja mwisho. Ni adabu tu ya lugha yao. Mwalimu anayekata alama kwa “I and he” na anayekata kwa “me and him” wanakata kwa sababu mbili tofauti, na inafaa mwanafunzi ajue ni ipi.

Kipimo cha kidole kina mtego mmoja kwenye dalili hii. Chukua “Me and her were late.” Ukifunika “and her” unabaki na “me were late”, na kitu cha kwanza kinachoumiza sikio ni “were”. Msomaji anadhani kosa ni la kitenzi. Jozi ni ya wingi, mmoja ni wa umoja, kwa hiyo kitenzi nacho lazima kipunguzwe unapopima: “me was late” dhidi ya “I was late”. Sasa jibu liko wazi. Ndivyo ilivyo pia kwa “me and my friends are waiting”: usipime kwa “me are”, pima kwa “I am waiting”.

Kuna pia sura iliyojificha. “My brother and me went” inapita masikioni kirahisi kuliko “me and my brother went”, kwa sababu “me” haiko mwanzo wa sentensi na nomino iliyotangulia imelifunika kosa. Ugonjwa ni uleule. Funika “my brother and”, utauona.

Jozi ikiwa katikati ya sentensi, watu hutazama upande usiofaa. Linganisha hizi mbili:

“I know him and her.”

“I know he and she are ready.”

Zote zinaanza na “I know”. Anayetazama kushoto anaona kitenzi, anahitimisha kwamba kinachofuata ni yambwa, na anaandika “I know him and her are ready”. Katika sentensi ya pili jozi ina kitenzi chake chenye wakati upande wa kulia, “are”, na hicho ndicho kinachoiita safu ya “I”. Baada ya “think”, “say”, “know”, “hope” na wenzao, tazama kulia kabla hujaamua.

Je, ni kosa kweli? Katika mazungumzo ya kawaida wazawa wa Kiingereza husema “me and him went” kila siku na hakuna anayepotezwa maana. Katika mtihani, barua ya maombi au ripoti, litawekewa mstari mwekundu. Mimi husema hivi: ukimsikia mtu akilisema usimsahihishe, lakini wewe ukiandika, liondoe.

Dalili ya pili: “Between you and I”

Hili ndilo kosa la watu waliosoma, na ndilo linalohitaji muda zaidi, kwa sababu mkosaji anajiona yuko salama.

Chanzo chake ni dawa ya dalili ya kwanza. Mtoto anasema “me and John”, anaambiwa “John and I”. Kesho tena “me and John”, tena “John and I”. Hakuna anayemweleza kwamba kilichokuwa kinasahihishwa ni kiima. Anachoondoka nacho ni mdundo tu: kwamba baada ya “and” watu wastaarabu husema “I”, na “me” ni neno la kihuni. Wanafunzi wa lugha ya pili hupata dozi hiyohiyo darasani, pale “my friend and I” inapofundishwa kama kifungu cha kukariri cha kuanzia insha. Kifungu kinakaririwa kizima, kisha kinapachikwa kizima popote, hata baada ya kihusishi. Wanaisimu wana jina la jambo hili, usahihishaji wa kupindukia: mtu anakimbia kosa kwa kasi mpaka analipita jibu.

Wala si kosa la juzi. Katika tamthilia ya Shekspia ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kama *Mabepari wa Venisi*, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1600, mna barua ya Antonio kwa Bassanio yenye maneno “between you and I” kama yalivyo. Wapo wanaoutumia mfano huo kujitetea. Utetezi huo haumsaidii mtahiniwa wa leo. Kiingereza sanifu kinachoandikwa sasa kinataka “between you and me”, na wahariri wanalifuata hilo bila mjadala.

Sasa kipimo. Kidole kinashindwa hapa. Ukifunika “you and” unapata “between I”, na ukibadilisha unapata “between me”. Zote zinasikika vibaya, kwa sababu “between” inadai watu wawili na wewe umembakiza mmoja. Ndiyo maana watu wanaojua kipimo cha kidole bado wanalikosea kosa hili hasa: wamepima, hawakupata jibu, wakarudi kwenye mdundo walioukariri.

Tumia kipimo cha pili: badilisha jozi nzima kwa neno moja la wingi. Jozi yenye “I” au “me” ndani yake hugeuka kuwa “we” au “us”. Hakuna anayesema “between we”. Ni “between us”. Na “us” iko safu moja na “me”, kwa hiyo “between you and me”. Kipimo hiki kinafanya kazi hata kwenye dalili ya kwanza: “we went”, si “us went”, basi “he and I went”. Kama utakariri kimoja tu, kariri hiki.

Lakini nacho kina mpaka wake, na hapa ndipo “you” linapotusumbua. Chukua “between you and he”. Jozi hii ikigeuzwa wingi inakuwa “you”, nalo “you” lina sura moja tu, kwa hiyo halituambii chochote. Kwenye jozi ya “you” na mtu wa tatu, mtoe “you” kwa muda uweke nomino: “between my boss and he”. Sasa jozi ni ya watu wawili wa tatu, na wingi wake ni “they” au “them”. “Between they” haipo, “between them” ipo, basi ni “him”: “between you and him”. Njia hii ni ndefu kidogo kuieleza kuliko kuifanya.

Vihusishi vingine havina shida hiyo, kwa kuwa vinakubali mtu mmoja. “She came with my brother and I”: funika, unapata “with I”, na mchezo umekwisha. Vivyo hivyo kwa “for”, “to”, “from”, “about”, “by”, “without”, “near” na “behind”. “Like” na “except” huwasahaulisha watu kwamba navyo hufanya kazi hiyo: ni “people like you and me”, na “everyone except him and me”.

Dalili ya tatu: “They invited my wife and I”

Ugonjwa ni uleule wa mdundo, ila safari hii aliyetangulia ni kitenzi badala ya kihusishi. Kidole kinatosha: “they invited I” haisemeki, basi “they invited my wife and me”. Na pale kitenzi kinapokuwa na yambwa mbili, kama “he gave my sister and I two chairs”, kipimo ni hichohicho: “he gave me two chairs”.

Tawi gumu la dalili hii ni pale baada ya jozi panapokuja kitenzi kingine:

“The manager asked she and I to wait.”

“Let you and I talk.”

“He saw she and I leave.”

“It is time for you and I to go.”

Mwandishi wa sentensi hizi amefikiri, hakukurupuka. Anajiuliza nani anasubiri: ni sisi. Nani anaondoka: ni sisi. Kama sisi ndio watenda, basi safu ya “I”. Hoja inaonekana safi, lakini Kiingereza hakichagui safu kwa kutazama nani anatenda. Kinatazama kama jozi ni kiima cha kitenzi chenye wakati. “To wait”, “talk”, “leave” na “to go” havina wakati. Utavijua kwa kuihamisha sentensi: “the manager asks him to wait”, “the manager asked him to wait”. “Ask” imebadilika, “to wait” haikutikisika. Kitenzi kisichotikisika hakina nguvu ya kuita safu ya “I”. Kwa hiyo “asked her and me to wait”, “let you and me talk”, “saw her and me leave”, “time for you and me to go”.

Weka kando ya hizo “he said she and I could leave”. Hapo “could” imebeba wakati, na safu ya “I” ni haki yake. Tofauti ya “saw her and me leave” na “said she and I could leave” ndiyo roho ya jambo lote hili. Anayeielewa hiyo hana haja ya kukariri orodha.

Dalili ya nne: mchanganyiko, “him and I”, “he and me”

Hii ni alama ya dawa iliyonywewa nusu. Mtu amekumbuka kujirekebisha mwenyewe, amemsahau mwenzake. Uzuri wake ni kwamba inaonekana kwa macho bila kipimo chochote: viwakilishi viwili vilivyoungwa kwa “and” hukaa kiti kimoja, kwa hiyo hutoka safu moja. Ukiona vimetoka safu mbili, mmoja amekosewa, hata kabla hujajua ni yupi. Kisha pima kwa “we” na “us” ujue jozi iende upande gani.

Angalia tu neno “her”, kwa sababu lina kazi mbili. Katika “her brother and I went” hakuna mchanganyiko. “Her” hapo ni kimilikishi, sawa na “my”. Katika “her and her sister came”, “her” ya kwanza ni kosa na ya pili ni sahihi: “she and her sister came”.

Dalili ya tano: “Send it to the secretary and myself”

Huyu ameogopa “I”, ameogopa “me”, akakimbilia “myself” kama mahali salama. Si mahali salama. “Myself” inahitaji “I” iliyotangulia katika kishazi hichohicho: “I cut myself”, “I wrote it myself”. Katika “send it to the secretary and myself” hakuna “I” popote. Funika: “send it to myself” haisemeki, “send it to me” inasemeka. Basi “to the secretary and me”. Barua za ofisini zimejaa kosa hili, na kwa maoni yangu linaudhi kuliko “me and him”, maana lenyewe limevaa suti.

Dalili ya sita: “My brother and I's room”

“I's” haipo katika Kiingereza sanifu. Umbo linalokubalika ni “my brother's and my room”, lakini husikika kizito. Andika “our room” kama anayesoma anajua ninyi ni nani, au “the room my brother and I share”.

Yasiyo makosa, ambayo watu huyatibu

Anayeanza kuwa makini huwa anapasua hata pasipo na jipu. “It's me” iachwe. “It is I” ni ya kale na ya rasmi sana. Ukigonga mlango ukaisema, watu watacheka. Majibu mafupi yasiyo na kitenzi nayo hutumia safu ya “me”: “Who wants to go?” “Me.” Na ni “me too”, hakuna “I too” kama jibu. Ukitaka safu ya “I” kwenye jibu, mpe kitenzi chake: “I do”, “he and I do”.

“She is taller than me” na “she is taller than I am” zote zinaruhusiwa. Shida inakuja kwa vitenzi kama “trust”: “she trusts him more than me” yaweza kumaanisha kwamba mimi siaminiwi sana, au kwamba mimi ndiye ninayemwamini kidogo kuliko yeye anavyomwamini. Malizia kitenzi ili msomaji asibahatishe: “more than I do”, au “more than she trusts me”.

Kuhusu “whom”, katika mazungumzo “who” imeshachukua karibu nafasi yote. Itunze kwa pale inapofuata kihusishi moja kwa moja, kama “to whom”. Kwingine hutaulizwa.

Mfano mmoja, tangu mwanzo mpaka mwisho

Hiki ni kifungu cha sentensi fupi nilichokitunga kwa kukusanya makosa yanayojirudia. Kisome kwanza uone sikio lako linakamata mangapi:

```
Me and my sister arrived early. The manager asked she
and I to wait. Between you and I, him and his assistant
were still asleep. At noon they gave my sister and I two
chairs. Then it was time for him and me to talk, but he
said me and her should come back tomorrow.
```

“Me and my sister arrived”: kidole kwenye “and my sister”, inabaki “me arrived”. Ni kiima, kwa hiyo “my sister and I arrived”.

“Asked she and I to wait”: jozi haijachanganyika safu, ndiyo maana inapita kirahisi machoni. Lakini “to wait” haina wakati, na “asked we to wait” haisemeki. “Asked her and me to wait.”

“Between you and I”: kidole hakisaidii, geuza wingi. “Between us.” Basi “between you and me”. Mara tu baada ya koma kuna jozi nyingine, “him and his assistant were”, na ukaribu wa jozi hizo mbili ni hatari. Aliyekwisha kukumbuka kwamba “between” inataka safu ya “me” huiendeleza safu hiyo hadi jozi ya pili. Koma imefunga mlango wa kihusishi. Jozi ya pili ni kiima cha “were”. Pima kwa kukipunguza kitenzi: “he was still asleep”. “He and his assistant were.”

“They gave my sister and I two chairs”: “gave me”. Rahisi.

“It was time for him and me to talk” ni sahihi, na ndiyo sentensi ambayo wasahihishaji wengi huiharibu. Wamekwisha kubadilisha jozi kadhaa, wanaiona “me”, wanaona kitenzi “talk” baada yake, wanaandika “for he and I to talk”. “For we to talk” haisemeki. Iache.

“He said me and her should come back”: tazama kulia, “should” imebeba wakati. “She and I should come back.”

```
My sister and I arrived early. The manager asked her and
me to wait. Between you and me, he and his assistant were
still asleep. At noon they gave my sister and me two
chairs. Then it was time for him and me to talk, but he
said she and I should come back tomorrow.
```

Viwakilishi sahihi mara nyingi huacha kifungu kizito, na hiki ni mfano: jozi zimerundikana. Baada ya sentensi ya kwanza msomaji anawajua wahusika, kwa hiyo “asked us to wait”, “gave us two chairs” na “said we should come back” zinatosha, na nafasi tatu za kukosea zimeondoka.

Kwenye waraka mrefu, usisome ukitegemea jicho. Fungua sehemu ya kutafuta na uandike `and I`, kisha pita kwenye kila tokeo ukiuliza kama kuna kitenzi chenye wakati ambacho jozi ndiyo kiima chake. Rudia kwa `and me`, `and him`, `and her`, `and myself`. Halafu tafuta upande wa pili, `me and`, `him and`, `her and`, maana dalili ya kwanza mara nyingi hukaa mbele ya “and”. Usitumie amri ya kubadilisha yote kwa mkupuo. “She called, and I answered” itatokea kwenye utafutaji wako, na hapo hakuna jozi yoyote: “and” imeunganisha sentensi mbili kamili, na “I” ni kiima cha “answered”.